Kuruka madarasa ya mwanzo chuoni Marekani: mtihani gani unakupa krediti, na transkripti inaandikaje

"Mjomba, wameniambia nimeruka hesabu za mwanzo. Mbona krediti ni sifuri?"

Aliyeniuliza hivyo ni binti wa jirani yangu hapa Texas. Amekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, akasoma kwa mtaala wa Kongo, yaani kwa Kifaransa, halafu familia ikaletwa huku. Alikuwa ameanza chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, na alidhani kufaulu mtihani wa kwanza kumemwondolea somo zima. Hakukosea sana. Alichanganya vitu viwili ambavyo hata vyuo vyenyewe huviweka kwenye ukurasa mmoja.

Kuna mtihani wa kupangiwa darasa, na kuna mtihani wa kupata krediti, yaani vile vizio vya masomo ambavyo chuo huvijumlisha mpaka vitoshe shahada. Wa kwanza unasema uanzie ngazi gani. Ukifanya vizuri unaruhusiwa kuingia somo la juu, lakini somo uliloruka halihesabiwi popote. Wa pili unachukua nafasi ya somo lenyewe: ukifaulu, chuo kinaandika kwamba somo hilo unalo, krediti zake unazo, na hulipii tena. Nitaeleza kwa mfano wa binti huyu, kwa sababu alipitia yote mawili na akakwama karibu kila mahali pa kukwama.

Kwanza: mtihani wa kupangiwa darasa

Texas mtihani huo unaitwa TSIA2. Majimbo mengine yana yao: Florida kuna PERT, kwingineko utakuta ACCUPLACER, na vyuo vikuu vingi hutumia ALEKS kwa hesabu. California imeachana kwa kiasi kikubwa na mitihani hii na kupanga watu kwa alama za sekondari. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote, uliza chuo chako kinatumia nini, na uliza pia kama kuna njia ya kusamehewa kwa alama ulizonazo tayari.

TSIA2 ya hesabu ina maswali 20 kwenye sehemu ya kwanza, na alama ya kuvuka ni 950. Haina saa, unaweza kukaa na swali moja mpaka uridhike. Watu wengi hawalijui hilo, wanakimbia kama wanafanya mtihani wa taifa. Binti alikimbia. Alipata 938, akapangiwa darasa la kujazia pengo linaloenda sambamba na aljebra ya chuo: ada ya ziada, saa za ziada, na krediti zake hazihesabiki kwenye shahada.

Kosa halikuwa hesabu. Karani alimwambia, "Usijali, mtihani huu haufeliwi." Kweli haufeliwi, lakini unagharimu. Yale mazoezi ya lazima unayopewa kabla ya kukaa TSIA2 aliyabofya mpaka mwisho bila kusoma. Nilimwambia ayarudie, tukakaa mezani jioni tatu tukipitia sehemu, asilimia na milinganyo ya mstari, akarudia mtihani akapata 952. Kurudia kunaruhusiwa, na ada hupangwa na kituo. Wengine hutoa mara ya kwanza bure, wengine hutoza tangu mwanzo. Alama hudumu miaka mitano.

Hapo ndipo lilipokuja lile swali lake. Alikuwa ameruka darasa la kujazia pengo, basi. Aljebra ya chuo bado alitakiwa kuisoma au kuifanyia mtihani wa aina ya pili.

Pili: tafuta jedwali la chuo chako kabla ya kulipa hata senti

Mtihani wa krediti unaotumiwa zaidi unaitwa CLEP, na unaendeshwa na College Board, hao hao wa SAT. Ipo mitihani 34: aljebra, kalkulasi, biolojia, kemia, historia ya Marekani, saikolojia, sosholojia, uchumi, Kifaransa, Kihispania, Kijerumani na mengineyo. Alama huanzia 20 hadi 80. ACE, baraza la elimu ya juu la Marekani, linapendekeza 50 iwe alama ya kufaulu, lakini hilo ni pendekezo tu. Chuo ndicho kinachoamua kinakubali mtihani upi, kwa alama ngapi, na kinakupa somo gani.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Miaka yangu ya mwanzo hapa nilifanya mtihani unaoitwa College Mathematics nikapata 61, nikashangilia. Chuo nilichokuwamo kikanipa krediti za somo la hesabu la wanafunzi wa sanaa, ambalo kwenye shahada yangu ya biashara lilikuwa somo la hiari tu. Shahada ilitaka MATH 1314, yaani aljebra ya chuo, na mtihani wake ni mwingine kabisa: College Algebra. Majina yamepishana neno moja. Nikalipa tena, nikakaa tena.

Kwa hiyo, fungua tovuti ya chuo, tafuta neno `CLEP` pamoja na jina la chuo, na usome jedwali. Lina safu nne zenye maana: jina la mtihani, alama inayotakiwa, namba ya somo unalopewa, na idadi ya krediti. Kisha fungua orodha ya masomo ya shahada yako uone kama namba hiyo imo. Kama haimo, au imeandikwa somo la hiari, acha. Halafu mwandikie mshauri wa masomo barua pepe na umwombe akujibu kwa maandishi. Jibu la mdomo la mshauri wa Agosti halimfungi mshauri wa Januari.

Kwenye jedwali la chuo cha binti, Kifaransa kilikuwa hivi: alama 50 inakupa FREN 1411 na FREN 1412, krediti nne kila moja, alama 59 inaongeza FREN 2311, krediti tatu. Jumla 11. ACE wao wanapendekeza krediti 6 kwa alama 50 na 9 kwa 59, na kuna vyuo vinavyofuata hivyo hivyo. Ndiyo maana nasema usikope jedwali la chuo cha rafiki yako.

Neno moja kuhusu Kiswahili, maana huulizwa kila mara. CLEP haina Kiswahili. Upo mtihani wa mahojiano wa ACTFL, shirika la walimu wa lugha, ambao una Kiswahili, na vyuo kadhaa huutambua kwa sharti la lugha ya kigeni. Lakini pale ambapo chuo hakifundishi Kiswahili, mara nyingi hakina namba ya somo ya kukupa, na unaweza kuishia kusamehewa sharti bila krediti. Uliza swali hilo waziwazi: "Nitapewa krediti, au nitasamehewa tu?" Mkongomani au Mrundi aliyesoma kwa Kifaransa ana njia iliyonyooka zaidi.

Tatu: gharama, na namna ya kuipunguza

Kuna malipo mawili yanayotenganishwa, na watu hushtuka na la pili. La kwanza ni ada ya mtihani unayolipa College Board: ilikuwa dola 93 mwaka wa masomo 2023–24, ikawa dola 95 mwaka 2024–25. Hupanda taratibu, kwa hiyo angalia ya mwaka wako. La pili ni ada ya kituo, unalipa pale unapokwenda kukaa, na kila kituo kina bei yake. Kituo cha binti kilitoza dola 25.

Kwa hiyo Kifaransa kilimgharimu dola 120. Kwenye ankara yake krediti moja ilikuwa dola 90, ambayo ni bei ya mkazi wa wilaya ya chuo. Krediti 11 zingekuwa dola 990, bila vitabu. Ameokoa dola 870 na mihula mitatu ya kukaa darasani akifundishwa kusema *bonjour*.

Kwa masomo mengine kuna mlango wa bure. Shirika la Modern States lina kozi za mtandaoni za kukuandaa kwa CLEP, na ukimaliza kozi na mazoezi yake unaomba vocha inayolipia ada ya mtihani. Ada ya kituo pia wamekuwa wakiirudisha ukiwatumia stakabadhi. Masharti hubadilika, yasome siku unayoanza. La kushika ni hili: vocha ni namba unayoingiza wakati wa kujiandikisha. Ukishalipa kwa kadi yako, umelipa. Binti alitumia njia hii kwa sosholojia. Wanajeshi wao wana utaratibu wao wa kulipiwa.

Nne: kujiandikisha, na balaa la majina

Unafungua akaunti kwenye tovuti ya CLEP, unachagua mtihani, unalipa au unaweka vocha, unataja chuo cha kupelekewa alama, na unapewa tiketi. Kisha unapanga siku na kituo, ambacho mara nyingi ni ofisi ya mitihani ya chuo fulani, siyo lazima chako. Upo pia utaratibu wa kufanyia nyumbani ukiangaliwa kwa kamera, ila ukiwa na wadogo zako saba sebuleni nakushauri uende kituoni.

Chuo cha kupelekewa alama kitaje hapo hapo. Nakala ya kwanza inapelekwa bure. Ukisubiri hadi baada ya matokeo, unalipia.

Sasa majina. Sisi huandikwa jina la baba, la babu, wakati mwingine la ukoo, na kila ofisi hulichukua kwa mpangilio wake. Wengi waliopita kambini wamepewa tarehe ya kuzaliwa 1 Januari kwa sababu aliyejaza fomu hakuwa na nyingine. Jina la akaunti ya CLEP lazima lifanane na kitambulisho chenye picha utakachobeba, la sivyo unarudishwa mlangoni. Hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni kwamba jina na tarehe hizo zifanane na rekodi ya chuo, kwa sababu kompyuta ya chuo inazitumia kuoanisha alama na mwanafunzi.

Kitambulisho cha binti kina majina matatu. Chuo kilikuwa na mawili. Alama zake zilifika, zikakaa kwenye foleni ya zisizo na mwenyewe kwa wiki tano. Zilitoka alipokwenda ofisi ya msajili na kitambulisho mkononi na karatasi ya matokeo. Ukipita wiki tatu bila kuona kitu kwenye akaunti yako ya mwanafunzi, usiendelee kungoja: nenda.

Tano: siku ya mtihani

Mitihani mingi huchukua kama dakika 90. Ni ya kuchagua jibu, na jibu la kosa halipunguzi alama, kwa hiyo usiache swali wazi. Matokeo huyaona kwenye skrini ukimaliza, isipokuwa ule wa uandishi, College Composition, ambao insha zake husahihishwa na watu.

Kifaransa kina maswali 121. Asilimia 40 ni kusikiliza na 60 ni kusoma. Kuzungumza na kuandika hakumo. Mtu aliyesoma kwa Kifaransa huiogopa sarufi bure. Kinachomtega ni kusikiliza, hasa sehemu ya kwanza ambapo hata majibu husomwa tu, hayaandikwi, na ukipotewa na moja la pili limeshaanza. Binti alisema lafudhi ilikuwa ya Ufaransa na haraka kuliko walimu wake. Wiki mbili kabla alisikiliza taarifa ya habari ya Kifaransa kila asubuhi kwenye basi. Akapata 64.

Sosholojia ikamgomea: 47. Alimaliza video zote za Modern States, akapata vocha, akadhani yametosha. Ukishindwa hurudii mtihani huo huo mpaka ipite miezi mitatu, na hapo ndipo kalenda inapouma: miezi mitatu ni karibu muhula mzima. Somo ambalo lingine linalitegemea lifanyie mtihani mapema, ili ukikwama uweze kujiandikisha darasani kabla dirisha halijafungwa. Alama ya chini ya kiwango vyuo vingi haviiandiki kabisa kwenye transkripti, yaani rekodi rasmi ya masomo yako.

Sita: transkripti inavyoandika

Hii ndiyo karatasi iliyomtoa binti machozi ya furaha kidogo na maswali mengi:

```
CREDIT BY EXAM - CLEP
FREN 1411  Beginning French I     4.00  CR
FREN 1412  Beginning French II    4.00  CR
FREN 2311  Intermediate French I  3.00  CR
Earned 11.00   GPA Hrs 0.00
```

Soma safu ya mwisho kwanza. `CR` ni kwamba krediti imetolewa bila daraja. Vyuo vingine huandika `P`, vingine `T`, vingine `EX`. Ile 64 haionekani. Kwa transkripti, aliyepata 64 na aliyepata 59 ni sawa. `Earned 11.00` inasema krediti anazo, zinamsogeza kuelekea 60 za shahada ya miaka miwili. `GPA Hrs 0.00` inasema hazigusi wastani wake, si kwa kupanda wala kwa kushuka.

TSIA2 yake haimo hapa popote. Iko kwenye rekodi ya ndani ya chuo kama alama ya mtihani, na mshauri huiona, lakini si krediti.

Sasa hilo la wastani tulipige hesabu, kwa sababu ndilo linaloamua kama mtihani ulikuwa busara. A ni pointi nne kwa kila krediti, na wastani, yaani GPA, ni pointi zote kugawa kwa krediti. Muhula wa kwanza binti alikuwa na krediti 12 zenye wastani wa 2.5, yaani pointi 30. Kama angekaa darasani kwa zile 11 za Kifaransa na kupata A zote, angeongeza pointi 44: jumla 74 kwa krediti 23, wastani 3.22. Kwa mtihani ameokoa dola 870, lakini wastani umebaki 2.5. Anataka uuguzi, na programu za uuguzi huchuja kwa wastani. Mimi ningefanya somo moja la Kifaransa darasani kwa ajili ya A na kuacha mengine kwa mtihani. Yeye alichagua pesa, na kwa hali ya nyumbani kwao simlaumu. Ila ukiwa na wastani dhaifu, usikimbilie kutoa kwenye mahesabu masomo unayoyaweza kuliko yote.

Kuna mitihani ya idara yenyewe, inayotungwa na walimu wa chuo kwa masomo yasiyo na CLEP. Hiyo baadhi ya vyuo huiandika kwa daraja kamili, A au C, na daraja hilo huingia kwenye wastani. Uliza kabla hujakaa, na uliza kama unaweza kuchagua kuandikiwa faulu tu.

Saba: pale krediti zinapogeuka tatizo

Muhula wa pili binti alijiandikisha krediti 9, akijiambia kwamba na zile 11 amezidi kabisa. Ofisi ya misaada ya fedha ikampunguzia Pell, ule msaada wa serikali kuu usiorudishwa. Krediti za mtihani hazihesabiwi kama umejiandikisha. Muhula kamili ni 12 za kukaa darasani, na krediti 9 zinakupa robo tatu ya msaada. Tuliwahi kuongeza somo moja siku mbili kabla ya dirisha kufungwa. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, ana hatari kubwa zaidi: akishuka chini ya 12 bila ruhusa, ni hadhi yake ya uhamiaji iliyo mashakani, wala CLEP haimwokoi.

Chuo pia hutaka sehemu ya shahada uisome kwake. Kwa vyuo vya kusini chini ya SACSCOC, chombo kinachovipa ithibati, ni robo, kwa hiyo krediti 15 kati ya 60, na za mtihani hazijazi robo hiyo. Programu za afya mara nyingi hukataa CLEP kwa masomo ya sayansi wanayoyataka kama sharti la kuingia, hata kama chuo chenyewe kimeyaandika.

Na siku ukihamia chuo cha miaka minne, usidhani mstari wa `CR` utasafiri wenyewe. Kinachokupokea kina jedwali lake, na vingi hutaka alama halisi kutoka College Board, ambao huzitunza miaka 20. Binti ameomba zipelekwe vyuo viwili. Kimoja kimempa zote 11; cha pili kimempa 8, na FREN 2311 kimesema ingehitaji alama 66.